Mkataba wa bilioni 6, zimelipwa 3.6: kwa nini kumalizia hospitali kugharimu bilioni 5.1?

*Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni diwani katika halmashauri moja ya Mkoa wa Lindi. Hospitali yetu ya wilaya imesimama mwaka wa nne sasa. Mkataba ulikuwa wa shilingi bilioni 6, mkandarasi amelipwa bilioni 3.6, na alipoondoka tuliambiwa kazi imefika asilimia 75. Taarifa ya ukaguzi wa kiufundi imeletwa na inasema kumalizia kunahitaji bilioni 5.1. Kwenye kamati tunaona zimebaki bilioni 2.4. Hizo nyingine zimetoka wapi? Au ndiyo tunaibiwa mara ya pili? Nimekuambatishia majedwali yote.*

Marahaba, Mheshimiwa Diwani. Nimeyapitia majedwali. Hesabu ya wakaguzi kwa sehemu kubwa imesimama, ingawa kuna mahali pawili ambapo ningewabana kabla ya kuipitisha. Kosa la kamati ni kuchukua bei ya mkataba na kutoa fedha zilizolipwa. Hesabu hiyo inakuonyesha fedha ambazo hazijatoka mfukoni mwa halmashauri, lakini haikuonyeshi kazi ambayo haijafanyika, kwa sababu fedha iliyotoka na kazi iliyosimama pale uwanjani ni vitu viwili, na kazi yote ya ukaguzi wa kiufundi ni kupima pengo lililo kati yake.

Tuanze na bilioni 3.6 yenyewe. Ukizifungua hati za malipo utaona kwamba kazi iliyothibitishwa na msimamizi ni ya bilioni 3.4. Juu yake ziliongezwa milioni 200 za vifaa vilivyodaiwa kuwa vimefikishwa kwenye eneo la ujenzi, na milioni 300 za malipo ya awali ambayo mkandarasi alikuwa bado hajayarejesha kwa kukatwa kwenye hati zake. Kisha zikapunguzwa milioni 300 za fedha za zuio, ambazo halmashauri bado inazishikilia. Kwa hiyo hata kwenye makaratasi ya mkandarasi mwenyewe, kazi haikuwahi kufika asilimia 75. Bilioni 3.4 katika 6 ni asilimia 57 tu.

Hiyo asilimia 75 nadhani najua ilikotoka. Jengo la ghorofa moja la wodi na upasuaji limesimama, kuta zimefika juu, kenchi zimepanda na bati limeezekwa, na mtu akipita barabarani anaona hospitali iliyokaribia kwisha. Lakini katika hospitali sehemu kubwa ya fedha inalala ndani ya kuta na juu ya dari: nyaya, mabomba ya maji safi na maji taka, mabomba ya oksijeni, mfumo wa hewa wa chumba cha upasuaji, jenereta, kinga ya mionzi kwenye chumba cha eksirei. Katika mkataba wenu mifumo hiyo peke yake imebeba karibu theluthi ya bei, na ilikuwa imeguswa kidogo sana. Nyumba ya kuishi ikiezekwa umevuka nusu ya safari. Hospitali ikiezekwa hujavuka.

Baada ya hapo wakaguzi wakafanya jambo ambalo ndilo moyo wa taarifa, nalo ni kupima upya. Hawakuzisoma hati za malipo na kuzijumlisha. Walikwenda na futi kamba na michoro, wakapima kila kilichopo, wakazidisha kwa bei zilezile za mkataba, wakapata bilioni 2.9. Tofauti ya milioni 500 kati ya kilicholipiwa na kilichopo imetawanyika katika vipengele vingi, ila kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu kinajirudia sana katika ukanda wetu huu.

Kipengele hicho ni uchimbaji wa msingi. Katika jedwali la vipimo na bei, kuchimba mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida kuna bei yake, na kuchimba mwamba kuna bei nyingine iliyo juu mara kadhaa. Pwani ya Lindi na Mtwara ina maeneo yenye mwamba wa matumbawe karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo mkandarasi akisema amekutana na mwamba, hakuna anayeshangaa. Hapo kwenu alilipwa sehemu kubwa ya msingi kama uchimbaji wa mwamba. Msingi ukishafukiwa, nani atabisha? Wakaguzi walichimba mashimo ya majaribio pembeni mwa msingi sehemu sita, hadi kina cha kitako cha nguzo, na katika matano walikuta mchanga mwekundu mgumu kiasi unaochimbika kwa sururu na chepe, bila kipande cha mwamba. Kitabu cha kumbukumbu cha eneo la ujenzi nacho hakina siku hata moja iliyoandikwa kuwa mashine ya kuvunja mwamba ilifika. Mashimo hayo ni kazi ya siku mbili na vibarua wachache, na kwenye taarifa nyingi nilizosoma hayachimbwi. Wakaguzi huandika tu kwamba kazi zilizofunikwa zimechukuliwa kama zilivyothibitishwa. Ukikuta sentensi hiyo katika taarifa yoyote, fahamu kwamba kazi za chini ya ardhi hazikukaguliwa.

Sasa ubora. Wengi huisoma sura ya ubora kama suala la kumlaumu mkandarasi, lakini kwa mtu anayetafuta gharama ya kukamilisha, kazi yake ni moja: kuamua ni kiasi gani cha hiyo bilioni 2.9 kinaweza kubaki. Kila kipande cha kazi kinachokataliwa kinatoka kwenye safu ya kazi iliyofanyika na kuingia kwenye safu ya kazi iliyobaki. Ndiyo maana taarifa inayotoa gharama bila vipimo vya ubora haifai kutegemewa, hata kama hesabu zake zimepangwa vizuri namna gani.

Nguzo za chini za jengo lenu zilitakiwa ziwe za zege lenye nguvu ya niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Wakaguzi walianza na nyundo ya kudundisha, ile inayopigwa kwenye uso wa zege na kusoma inavyorudi. Nyundo hiyo haitoi hukumu. Inaathiriwa na unyevu, na umri wa zege, na hata ulaini wa uso uliosuguliwa, kwa hiyo faida yake ni kuonyesha nguzo zipi zinatofautiana na wenzake. Kati ya nguzo 24, sita zilisoma chini waziwazi, na zote ziko upande wa mashariki, jambo linaloashiria kwamba zilimwagwa siku moja au kwa shehena moja ya kokoto. Hapo ndipo walipokata vipande vya mviringo kwa mashine, vitatu kutoka nguzo dhaifu na vitatu kutoka nguzo nzuri, na kuvivunja maabara.

Kanuni inayotumika kwa kawaida inasema kwamba wastani wa vipande vitatu usiwe chini ya asilimia 85 ya nguvu iliyotakiwa, na kisiwepo hata kimoja kilicho chini ya asilimia 75. Kwa zege la 25, maana yake ni wastani wa 21.25 na kiwango cha chini kabisa cha 18.75. Nguzo nzuri zilitoa 23, 22 na 24, zikapita bila shaka. Nguzo dhaifu zilitoa 17, 19 na 14, wastani wa 16.7, zikaanguka katika masharti yote mawili. Ndani ya vipande hivyo maabara iliona kokoto za matumbawe, nyepesi na zenye vitundu, wakati mkataba ulitaka kokoto za mwamba mgumu ambazo huku kwetu husafirishwa kutoka bara, upande wa Masasi. Gharama ya lori ndiyo iliyokwepwa. Matumbawe hayo pia hubeba chumvi, kwa hiyo hasara yake haiishii kwenye nguvu ya zege.

Kuhusu chumvi na kutu, wakaguzi wamefanya jaribio dogo ambalo ningependa mwombe mlione kwa macho. Zege linavunjwa kidogo kwenye kona ya nguzo, uso mpya unafutwa vumbi, na kunyunyizwa kimiminika cha fenolifthaleini kisicho na rangi. Mahali ambapo zege bado lina ukali wake wa chokaa panageuka rangi ya waridi papo hapo. Mahali ambapo hewa imeshapenya na kuumaliza ukali huo panabaki kama palivyokuwa. Ukiweka rula kutoka ukingoni hadi waridi inapoanza, unapata kina ambacho kinga ya nondo imekwisha. Kwenye nguzo za nje zisizopigwa plasta kina hicho kilikuwa milimita 18 hadi 22, na nondo ziko milimita 25 kutoka usoni. Yaani zimebaki milimita chache kabla nondo hazijaanza kuoza ndani. Vumbi la zege lililotobolewa kwa drili lilipelekwa kupimwa kloridi, na nguzo sita zilezile ndizo zilizovuka kikomo cha asilimia 0.4 ya uzito wa saruji.

Nondo za kusubiria, zile zilizoachwa zikichomoza juu ya slabu ili upande wa pili wa jengo uendelee, zimekaa miaka minne katika upepo wa bahari. Fundi atakwambia kutu ni ya juu tu, ipigwe brashi. Huenda. Lakini jibu linatokana na kipimo. Kutu inakwanguliwa hadi chuma cheupe kionekane, kisha kipenyo kinapimwa kwa kalipa. Nondo ya milimita 16 iliyobaki 14.5 imepoteza asilimia 18 ya eneo lake, na hiyo haipigwi brashi, inakatwa na kuunganishwa mpya. Nondo zenu nyingi zilisoma kati ya 15.5 na 15.8, ambazo zinasafishika. Chache za kona ndizo zilizopungua sana.

Kasoro nyingine nitazipitia haraka. Bati lililotakiwa ni la geji 26, lenye unene wa karibu nusu milimita, na lililoezekwa upande mmoja wa jengo ni geji 30, ambalo unene wake unakaribia theluthi moja ya milimita. Kwa pwani yenye chumvi na pepo kali, kulikataa ni sahihi. Mabomba ya maji taka yaliyofukiwa chini ya jamvi hayakuwahi kujaribiwa kwa kujazwa maji, nayo yalipojazwa sasa yakavuja. Plasta ya vyumba kadhaa imejitenga na ukuta, ukigonga unasikia uwazi. Jumla ya kazi iliyokataliwa, kwa bei za mkataba, ni milioni 300.

Sasa tunaweza kurudi kwenye bilioni 2.4 zenu. Kazi inayokubalika ni bilioni 2.9 ukitoa milioni 300, yaani bilioni 2.6, ambayo ni asilimia 43 ya mkataba. Mmelipa bilioni 3.6. Bilioni 1 nzima imetoka bila kazi inayokubalika kusimama badala yake: milioni 500 za vipimo vilivyozidishwa, milioni 300 za kazi mbovu, milioni 200 za vifaa ambavyo havipo tena, na milioni 300 za malipo ya awali, ukipunguza milioni 300 za zuio mlizoshikilia. Kazi iliyobaki, kwa bei zilezile za zamani, ni bilioni 3.4.

Swali lako la kuibiwa mara ya pili linajibika hapa kwa uwazi. Hiyo bilioni 1 ni hasara ya mara ya kwanza, imeonekana sasa tu. Sehemu yake inaweza kudaiwa, kwanza kupitia dhamana ya malipo ya awali kama bado iko hai benki, kwa hiyo kabla ya jambo lolote mwombeni Mkurugenzi awaonyeshe tarehe ya mwisho ya dhamana hiyo. Hata hivyo msikubali mtu aipunguze kwenye gharama ya kukamilisha. Deni ambalo halijalipwa halinunui saruji, na mkandarasi mpya atataka kulipwa yote.

Kutoka bilioni 3.4 hadi 5.1 ndipo penye sehemu mbili zinazohitaji kubanwa.

Ya kwanza ni bei. Wakaguzi wamechukua bilioni 3.4 na kuipandisha kwa asilimia 20 bila kubagua, wakapata bilioni 4.08. Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika taarifa. Bei hazipandi kwa pamoja. Nyaya za shaba, jenereta na vifaa vya oksijeni vinaagizwa kutoka nje na bei yake inafuata dola. Saruji inatengenezwa hapohapo Mtwara. Mchanga wa mtoni bei yake ni mafuta ya lori na vibarua. Njia sahihi ni kuchukua vipengele vichache vilivyobeba sehemu kubwa ya fedha, kwa kawaida kama humusi moja ya vipengele vyote, kuvitafutia bei tatu tatu za sasa kutoka Lindi, Mtwara na Dar es Salaam, na kuvijenga upya kimoja kimoja. Vilivyobaki vinaweza kupandishwa kwa asilimia ya jumla bila madhara makubwa. Kila asilimia moja katika hesabu hii ni milioni 34, kwa hiyo kama asilimia 20 ilitakiwa kuwa 14 au 26, mmekosea kwa milioni zaidi ya 200 kwa upande wowote. Waombeni pia waandike bei hizo ni za mwezi gani. Makadirio yasiyo na tarehe ya bei hayawezi kusahihishwa zabuni ikichelewa.

Ya pili ni hatari ya kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Wameweka milioni 150 za kuvunja na kurekebisha kazi mbovu. Kwa kuwa kazi mbovu ya milioni 300 imeshaondolewa kwenye iliyokubalika, gharama ya kuijenga upya tayari imo ndani ya bilioni 3.4. Milioni 150 inapaswa kuwa ya kubomoa, kuzoa kifusi na kuitegemeza slabu ya juu kwa nguzo za muda wakati zile sita zikishughulikiwa, na si zaidi ya hapo. Jedwali lenu linasema "kubomoa na kujenga upya". Huenda ni uandishi wa haraka, huenda ni kosa la mamilioni, na mkadiriaji majenzi aliyelitia sahihi ndiye wa kujibu kwa mchanganuo. Muulizeni vilevile mhandisi wa majengo kama nguzo hizo zinaweza kuvishwa koti jipya la zege na nondo badala ya kuvunjwa. Kwa upungufu wa nguvu peke yake ningekubali koti. Kwa zege lenye chumvi kiasi kile ningesita, kwa sababu chumvi inabaki ndani na kutu inaendelea chini ya koti.

Yaliyobaki sina ugomvi nayo. Milioni 100 ni za kusafisha nondo, kubadilisha zilizokwisha, na kuzifunika. Milioni 350 ni za vitu ambavyo usanifu wa awali uliviacha, na hapa naona wakaguzi wamekuwa waangalifu: chumba cha eksirei kilichorwa kama ofisi ya kawaida, bila milango yenye madini ya risasi na bila unene wa ukuta uliokokotolewa, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania haitatoa leseni ya kuwasha mashine humo. Kuligundua hilo kabla ya plasta ni nafuu kuliko kuligundua mashine ikiwa imeshafika. Milioni 200 ni gharama za mkandarasi mpya kuingia, kufunga kambi, kuleta mitambo na kukata bima, ambazo zililipwa kwa yule wa kwanza na hazirudi. Juu ya jumla hiyo ya bilioni 4.88 kuna asilimia 5 ya tahadhari, inayotufikisha bilioni 5.12. Kwa jengo la zamani linaloendelezwa, ambalo ndani ya kuta zake hakuna anayejua yote, mimi ningeweka asilimia 10. Na huku kusini usafirishaji nao una hatari zake, kwani mvua za Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 ziliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, na kila mradi uliokuwa ukisubiri nondo kutoka Dar uliguswa.

Kuna mambo mawili ambayo hayamo kabisa katika bilioni 5.1. La kwanza ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mkataba wa bilioni 6 ulitajwa bila kodi, na makadirio haya pia, kwa hiyo ulinganisho wenu ni halali, lakini mkiomba fedha Hazina kwa bilioni 5.1 mtapungukiwa. Asilimia 18 juu yake inaifikisha karibu bilioni 6. La pili ni madai ya mkandarasi wa zamani. Kama hati zake zilicheleweshwa kulipwa, mkataba humpa haki ya riba, na nimeona barua zake mbili katika viambatisho ambazo hazikujibiwa. Mwanasheria wa halmashauri azipime na kuziandikia makadirio ya peke yake, yasichanganywe na ujenzi.

Mkishindwa kupata fedha yote kwa mkupuo mmoja, rudisheni jedwali kwa wakaguzi waligawe kwa kila jengo. Jengo la wagonjwa wa nje na la wazazi halina nguzo mbovu na halina eksirei, na kwa jinsi vipimo vyake vilivyo linaweza kufunguliwa mapema likiwa na maji, umeme na shimo la maji taka la kwake. Wakati majadiliano hayo yakiendelea, nondo za kusubiria zipakwe uji wa saruji na kufungwa nailoni kabla mvua hazijaanza Novemba au Desemba. Kazi hiyo haihitaji zabuni kubwa, na kila msimu mmoja unaopita bila kuifanya unahamisha nondo kutoka orodha ya kusafishwa kwenda orodha ya kukatwa.